Bima imekataa inhela ya mtoto: ubadilishe dawa, uombe kibali, au ulipe mfukoni?

Neema ana miaka mitano na ana pumu. Jina ni la kubuni, ila shida yake naikuta mara nyingi nikiwa nyuma ya kaunta ya famasi hapa Marekani, hasa kwa familia zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania ambazo watoto wao wana bima ya Medicaid. Daktari amemwandikia fluticasone HFA ya mikrogramu 44, mipulizo miwili asubuhi na miwili usiku, kupitia spesa, yaani ile chupa ya plastiki inayochomekwa mbele ya inhela. Ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mfamasia anaingiza dawa kwenye kompyuta, anaitazama skrini, kisha anasema bima hailipi. Nyumbani inhela ya zamani inasoma 012 kwenye kihesabu chake.

Anza na hiyo 012. Mtoto anatumia mipulizo minne kwa siku, kwa hiyo dozi ya usiku huu ikishatolewa itabaki kumi, na hiyo inamfikisha Jumatatu asubuhi. Kliniki nayo inafungwa mpaka Jumatatu asubuhi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama una nafasi ya kubishana na bima au unahitaji kitu mkononi leo, na wazazi wengi hawaifanyi mpaka kihesabu kisome sifuri.

Kabla ya kwenda mbali: inhela tunayoizungumzia ni ile ya kuzuia, inayotumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Siyo ya kuokoa, ile albuterol ambayo huko nyumbani tunaijua kwa jina la salbutamol. Albuterol kwa kawaida haisumbui kwenye bima. Ya kuzuia ndiyo inayokataliwa, na kwa kuwa mtoto haanzi kubanwa siku ileile anapoikosa, mzazi huona hakuna haraka. Wiki mbili tatu baadaye anakohoa kila usiku na albuterol inatumika kila siku. (Akishindwa kuongea kwa kubanwa, au ngozi ya katikati ya mbavu ikivutwa ndani anapopumua, mambo ya bima yaache, piga 911.)

## Kwanza ujue umenyimwa kwa sababu gani

Bima ikikataa, kompyuta ya famasi haiandiki "hapana" tu. Inarudisha namba, na famasi zote za nchi hii zinatumia namba zilezile. Muulize mfamasia ni namba gani imetokea. Hakuna siri hapo, na swali hilo moja linaokoa siku kadhaa.

Ikiwa ni `70`, dawa haimo kabisa katika zile ambazo mpango wako unazilipia, au hailipiwi kwa namna ilivyoandikwa. Ikiwa ni `75`, inaweza kulipwa ila daktari aombe kibali kwanza. `76` ina maana kiasi kimezidi, mfano inhela mbili kwa mwezi badala ya moja. `79` ni kwamba umekuja mapema mno, subiri siku chache. Na `65` haihusu dawa hata kidogo: bima haimtambui mgonjwa, pengine Medicaid yake imekatika kwa sababu fomu ya kuihuisha ilitumwa kwenye anwani ya zamani. Nimeona mama akizunguka kutafuta daktari abadilishe dawa, kumbe tatizo lilikuwa ni kadi.

Hizo tatu za mwisho zina dawa zake na hazihitaji makala. Kwa Neema imetokea `75`. Kwa Medicaid hiyo ndiyo ya kawaida, maana sheria ya mwaka 1990 iliweka mapatano: kampuni ya dawa inayokubali kuirudishia serikali sehemu ya bei, dawa zake karibu zote lazima jimbo lizilipie. Lakini jimbo linaruhusiwa kuzigawa katika makundi mawili, zinazopendelewa, ambazo zinatoka bila maswali, na zisizopendelewa, ambazo zinatoka kwa kibali. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Andika jina la jimbo lako, kisha `Medicaid Preferred Drug List`, halafu utafute sehemu ya dawa za pumu za kuvuta. Kumbuka baadhi ya majimbo yana jina lao kwa Medicaid: California wanaiita Medi-Cal, Arizona AHCCCS, Tennessee TennCare, Maine MaineCare.

## Jeneriki inatatua nini, na haitatui nini

Wengi wakisikia bima imekataa huuliza, "Basi nipe jeneriki." Ni swali zuri, ila lina mpaka wake.

Jeneriki ni dawa yenye kiini kilekile, nguvu ileile na umbo lilelile kama ile ya jina la kampuni. Kiwanda lazima kionyeshe kwamba dawa inaingia katika damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Kipimo cha kitakwimu lazima kiangukie kati ya asilimia 80 na 125. Watu huisikia hiyo wakadhani jeneriki inaweza kupungua nguvu kwa asilimia 20. Haiko hivyo, kwa sababu mipaka hiyo inahusu ukingo wa makadirio, siyo wastani. Wataalamu wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipozichambua tafiti zaidi ya 2,000 za aina hiyo, tofauti ya wastani ilikuwa kama asilimia 4. Karibu dawa tisa kati ya kumi zinazotolewa nchini humu ni jeneriki. Kidonge kikibadilika rangi kutoka mwezi hadi mwezi, mara nyingi famasi imebadilisha kiwanda tu. Kinachoweza kutofautiana kweli ni viambato vya pembeni: rangi, sukari ya maziwa, jelatini ya kapsuli. Kwa Mwislamu anayejiepusha na jelatini ya nguruwe, au mtoto mwenye mzio wa maziwa, hilo ni jambo la kuuliza kila kiwanda kinapobadilika.

Mfamasia anaweza kukupa jeneriki mwenyewe, bila kumpigia daktari, mradi dawa hizo mbili zimeorodheshwa na FDA kuwa zinabadilishana na daktari hakuandika kwamba zisibadilishwe. Anachokatazwa, katika majimbo karibu yote, ni kukupa kiini kingine, hata kama kinafanya kazi ileile. Kutoka fluticasone kwenda mometasone au beclomethasone lazima daktari aandike upya. Hapo ndipo mpaka ulipo, na hapo ndipo safari ya Neema inapokwama.

Ajabu ni kwamba Neema tayari ameandikiwa jeneriki. Kwa miaka mingi inhela hii ilijulikana kwa jina la Flovent. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya GSK iliacha kuuza Flovent, ikabaki ileile bila jina, inayouzwa na kampuni ya Prasco. Dawa ndani ya chombo ni ileile. Lakini bima nyingi hazikuiingiza kwenye kundi la zinazopendelewa, na watoto wengi waliozoea Flovent wakajikuta hawana. Siku hiyohiyo ya tarehe 1 Januari 2024 ilianza kutumika sheria iliyoondoa ukomo wa kiasi ambacho kampuni hurudishia Medicaid, na wachambuzi wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili.

Somo lake kwa mzazi ni hili: kwenye Medicaid, jeneriki siyo lazima iwe ndiyo inayopendelewa. Kwa sababu ya fedha zinazorudishwa, jimbo wakati mwingine hupata dawa ya jina kubwa kwa bei ya chini kuliko jeneriki yake, na orodha ikaandika wazi kwamba itolewe ya jina. Kwa hiyo usimbane mfamasia na neno jeneriki. Muulize, "Ipi katika kundi hili inatoka leo bila kibali?"

## Njia ya kwanza: kubadilisha kwenda dawa iliyo kwenye orodha

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo ya kujaribiwa kwanza. Dawa za kundi hili zote zinapunguza uvimbe wa njia ya hewa, na zikitumiwa kwa kipimo kinacholingana hazipishani sana. Tofauti kubwa iko kwenye chombo. Mtu mzima anaweza kubadilishiwa chombo akajifunza kwa dakika tano. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutumia chombo chochote tu.

Nimeyaacha majina kama yanavyosomeka kwenye boksi, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye orodha ya jimbo:

| Dawa | Umri ulioidhinishwa | Spesa | La kuangalia |
|---|---|---|---|
| fluticasone HFA (aliyoandikiwa) | miaka 4 na kuendelea | inafaa | inahitaji kibali kwa Neema |
| Asmanex HFA | miaka 5 na kuendelea | inafaa | namba za kipimo si zilezile |
| QVAR RediHaler | miaka 4 na kuendelea | haifai kabisa | inatoka kwa pumzi ya mtoto |
| Arnuity Ellipta | miaka 5 na kuendelea | haifai, ni unga | ina protini ya maziwa |
| Pulmicort Flexhaler | miaka 6 na kuendelea | haifai, ni unga | ina protini ya maziwa |
| budesonide ya nebulaiza | miezi 12 hadi miaka 8 | haihusiki | inachukua dakika kadhaa kila mara |

Tuipitie kwa macho ya Neema. Pulmicort Flexhaler inaondoka yenyewe kwa umri. Arnuity imeruhusiwa kwa umri wake, ila ni unga mkavu unaohitaji kuvutwa kwa nguvu na kwa muda, jambo ambalo watoto wengi wa miaka mitano hawaliwezi, na mwenye mzio mkali wa maziwa haruhusiwi kabisa kuitumia.

QVAR RediHaler ndiyo inayoleta kosa ninalolikuta zaidi. Kwenye karatasi inaonekana inafaa: umri unatosha, na mara nyingi iko kwenye orodha. Daktari aliye mbioni anabofya, dawa inatoka, mama anafurahi. Akifika nyumbani anaichomeka kwenye spesa kama alivyofundishwa zamani. Haifanyi kazi. Chombo hicho hakibonyezwi. Kinafyatuka pale tu mtu anapovuta pumzi moja kwa moja mdomoni, na maelekezo yake yanakataza spesa. Kikifungwa kwenye spesa, pumzi ya mtoto haifiki kwenye kifyatuo na dawa haitoki. Dalili yake ni kwamba kihesabu kinashuka kidogo au hakishuki kabisa, ladha haisikiki mdomoni, na mtoto anarudi kukohoa baada ya wiki kadhaa huku kila mtu akiamini anatumia dawa. Mtoto wa miaka minane anayejua kuvuta vizuri anaweza kuitumia bila shida. Kwa Neema ningeikataa.

Zinabaki mbili. Asmanex HFA inabonyezwa na inaingia kwenye spesa, kwa hiyo maisha ya nyumbani hayabadiliki sana. Mtoto anaendelea na mazoea yaleyale. Kwa watoto wa miaka 5 hadi chini ya 12 inaandikwa ile ya mikrogramu 50, mipulizo miwili mara mbili kwa siku. Usijaribu kulinganisha hiyo 50 na 44 ya zamani. Viini ni tofauti, na kila kimoja kina kipimo chake. Daktari ndiye anayehamisha kipimo, siyo namba zilizoandikwa kwenye maboksi.

Budesonide ya nebulaiza ipo kwa jeneriki na mara nyingi iko kwenye orodha kwa watoto wadogo. Ni dawa ya maji inayogeuzwa mvuke na mashine, mtoto anapumua kawaida kupitia barakoa. Hakuna ufundi unaohitajika kwake. Gharama yake ni muda: mashine ya kampresa inachukua dakika tano hadi kumi kila mara, asubuhi ya shule na usiku, na vikombe vioshwe. Mashine lazima iwe ya kampresa. Zile za mawimbi ya sauti maelekezo ya dawa yanazikataa. Baada ya kumaliza, mtoto apanguswe uso kwa sababu dawa inakaa kwenye ngozi chini ya barakoa. Na kwa dawa zote za kundi hili mtoto asukutue mdomo na kutema, vinginevyo utando mweupe wa fangasi huota kinywani.

Kwa hiyo ombi kwa daktari lisiwe tu "nibadilishie dawa". Liwe hivi: nibadilishie kwenda dawa inayopendelewa na Medicaid ya jimbo hili, ambayo inabonyezwa na inaweza kutumika na spesa. Ukimpa mfamasia sentensi hiyo, anaweza kumpigia daktari wa zamu akiwa na jina la dawa tayari. Kabla hajapiga, aangalie pia kama chombo chenyewe kipo rafuni.

## Njia ya pili: kuomba kibali

Tuseme orodha ya jimbo lako inapendelea QVAR tu na za unga. Hapo kubadilisha hakumsaidii Neema, na kibali kinastahili jasho lake. Ndiyo maana huwa nawaambia wazazi wasipiganie jina la dawa, wapiganie chombo.

Anayeomba ni daktari, siyo mzazi wala famasi. Famasi inatuma taarifa kliniki, kliniki inajaza fomu, bima inajibu. Sheria ya Medicaid inaitaka bima ijibu ndani ya saa 24 tangu ombi lifike. Jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au tuongezee maelezo. Ukisikia kibali "kimekaa wiki mbili", mara nyingi bima haijapokea kitu chochote. Faksi ya famasi imelala kwenye trei ya kliniki, au ilienda kwa daktari aliyehama. Mbinu ya kugundua ni kupiga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima na kuuliza: ombi la dawa hii limefika tarehe ngapi, na namba yake ni ipi? Wakisema hawana, unajua tatizo liko kliniki na unaacha kuilaumu bima.

Namba hiyo wapigie kwa Kiswahili. Sema neno "Swahili" na usubiri, mkalimani ataunganishwa bila malipo. Sheria ya shirikisho inazitaka bima, kliniki na famasi zinazopokea fedha za serikali zifanye hivyo. Tafadhali usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kutafsiri mambo ya vipimo. Sheria hiyohiyo inawakataza wao kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura, na watoto huruka maneno wasiyoyajua.

Fomu inayokubaliwa na inayokataliwa hutofautiana kwa mistari michache. "Mgonjwa anahitaji dawa hii" haisaidii. Kinachosaidia ni alama ya ugonjwa, kwa mfano `J45.30` kwa pumu ndogo ya kudumu, umri, dawa alizowahi kutumia pamoja na tarehe na kilichotokea, na sababu ya kila dawa inayopendelewa kutomfaa. Kwa Neema daktari angeandika kwamba ana miaka mitano, anategemea spesa, QVAR RediHaler hairuhusiwi kutumika na spesa, na hana uwezo wa kuvuta unga. Hiyo ni sababu ya kitabibu. Bima nyingi hutaka mtoto kwanza ajaribu dawa yao na ishindikane; sababu ya chombo na umri inavuka sharti hilo bila kumlazimisha mtoto augue ndipo aaminiwe. Ikiwa alilazwa au alipelekwa dharura kwa pumu, tarehe zake ziandikwe, hata kama ilikuwa kambini Nyarugusu na karatasi pekee mliyonayo ni kadi ya kliniki. Mpe daktari nakala.

Na Ijumaa jioni? Hapa kuna kipengele ambacho famasi nyingi hazikitaji mpaka uulize. Sheria ileile inayotaka jibu la saa 24 inataka pia Medicaid ilipie dozi ya dharura ya saa 72 wakati kibali kinasubiriwa. Inhela haikatwi vipande, kwa hiyo kuna majimbo, Texas ikiwa mojawapo, yanayoruhusu chombo kizima kitolewe kwa utaratibu huo. Mwombe mfamasia kwa jina: dozi ya dharura ya saa 72 ya Medicaid. Asipojua namna ya kuiingiza kwenye kompyuta, aipigie bima simu ya upande wa wafamasia.

## Njia ya tatu: kulipa mfukoni

Fupi tu. Kulipa mwenyewe kunafaa kwa dawa za bei ndogo ambazo zinagharimu chini ya usumbufu wake, siyo kwa inhela ya kila mwezi. Zile kadi za punguzo zinazotolewa na viwanda vya dawa haziruhusiwi kwa mtu mwenye Medicaid au Medicare. Ukizitumia utakataliwa, na ukificha bima yako unajiingiza matatani. Kuponi za mtandaoni za famasi ni kitu kingine na unaweza kuulizia bei yake, lakini fedha ukishazitoa usitegemee Medicaid itakurudishia. Anayelazimika kulipa, kama vile mtu ambaye bima yake imekatika, aanze na kituo cha afya cha jamii, chenye malipo yanayopangwa kwa kipato. Vingi vyao vina famasi yenye bei ya chini.

## Ikija barua ya kukataliwa

Usiitupe, hata kama ni kurasa nane za Kiingereza. Tafuta tarehe iliyo juu yake. Ikiwa Medicaid yako inaendeshwa na kampuni ya bima, una siku 60 tangu tarehe hiyo kukata rufaa kwa kampuni yenyewe. Wana hadi siku 30 kuamua, au saa 72 daktari akisema kuchelewa kunahatarisha afya. Wakikataa tena, unaweza kuomba shauri lisikilizwe na jimbo.

Kwa mtoto una hoja moja ambayo mtu mzima hana. Kila aliye chini ya miaka 21 kwenye Medicaid analindwa na kifungu kinachoitwa `EPSDT`, kinachotaka jimbo ligharamie tiba ambayo daktari ameonyesha ni ya lazima kwa mtoto huyo. Herufi hizo tano zikiandikwa kwenye barua ya rufaa, pamoja na maelezo ya chombo na umri, barua hiyo inasomwa kwa makini zaidi.

Walio na bima ya kununua kwenye soko la serikali au Medicare ya wazee wana njia inayofanana: daktari anaomba dawa iruhusiwe nje ya orodha, jibu linatakiwa ndani ya saa 72, au 24 kwa jambo la haraka. Mzee aliyehamia mpango mpya wa dawa wa Medicare hupewa pia dawa yake ya zamani kwa mwezi mmoja ndani ya siku 90 za mwanzo, ili apate nafasi ya kupanga.

## Kwa Neema ningefanya hivi

Ijumaa hiyohiyo, mama asiondoke kaunta. Mfamasia afungue orodha ya jimbo. Kama Asmanex HFA inapendelewa na ipo rafuni, apigiwe daktari wa zamu. Kliniki nyingi za watoto zina mmoja anayepokea simu usiku, na dawa mpya inaweza kutoka ndani ya saa moja. Kama haimo ila budesonide ya nebulaiza imo na nyumbani kuna mashine ya kampresa, ningeichukua hiyo, nikijua asubuhi zitakuwa ndefu. Kama vyote hivyo havipo, itolewe dozi ya dharura ya saa 72 leo, na Jumatatu asubuhi kliniki iombe kibali cha fluticasone HFA kwa sababu ya chombo. Jumanne mama apige namba ya nyuma ya kadi kuuliza kama ombi limefika.

Ikiwa amebadilishiwa dawa, amwombe mfamasia aifute ile ya fluticasone kwenye kompyuta. Isipofutwa, kibali kinaweza kutoka baadaye, famasi ikaiandaa yenyewe na kutuma ujumbe kwamba dawa iko tayari, na mtoto akaanza kuvuta inhela mbili za kuzuia kwa wakati mmoja, moja aliyoandikiwa na moja iliyosahaulika kwenye mfumo.